Kugawa saa za wafanyakazi dukani kwa kukisia wateja wa kila siku ya wiki

Ratiba nyingi za zamu hupangwa kwa mazoea: Jumamosi tuwe wengi, katikati ya wiki tupungue. Mazoea hayo mara nyingi yana ukweli, lakini hayakwambii Jumamosi inahitaji saa ngapi kuzidi Jumatano, na bajeti ikibanwa hayakwambii ukate wapi. Njia ninayoieleza hapa inahitaji risiti za wiki nane, karatasi ya Excel au inayofanana nayo, na siku mbili au tatu za kukaa dukani na daftari.

Tutafuata mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Duka linafunguliwa siku saba, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na wenye duka wameruhusu jumla ya saa 260 za kazi kwa wiki, yaani saa za wafanyakazi wote zikijumlishwa.

## Hatua ya 1: Hesabu risiti, usihesabu fedha

Mfanyakazi hachoshwi na shilingi, huchoshwa na wateja. Bei zikipanda, mauzo yanapanda huku kazi ikibaki ileile. Mteja mmoja akinunua kitu cha bei kubwa, siku hiyo inaonekana imechangamka kumbe watu walikuwa wamekaa. Kwa hiyo toa kwenye mashine ya mauzo idadi ya risiti kwa kila siku. Kama wateja wako wengine hubeba vitu vingi sana na wengine kimoja kimoja, idadi ya bidhaa zilizopita kaunta itakufaa zaidi. Hesabu zinazofuata hazibadiliki.

Wiki nane zinatosha kuanzia. Chini ya hapo bahati inatawala, na ukirudi nyuma sana unaanza kupanga zamu za msimu huu kwa tabia za msimu uliopita.

Weka tarehe safu ya A na risiti safu ya B. Safu ya C itoe siku ya wiki (Jumatatu ni 1), D itoe tarehe ya Jumatatu iliyoanza wiki hiyo, na E itoe mgawo wa siku, yaani siku hiyo imechukua sehemu gani ya risiti za wiki yake:

```
C2: =WEEKDAY(A2,2)
D2: =A2-C2+1
E2: =B2/SUMIFS(B:B,D:D,D2)
```

Safu ya F iache kwa alama ya "x", nitaieleza punde.

Moyo wa njia hii uko kwenye safu ya E. Wiki nzima inaweza kupanda au kushuka kwa sababu nyingi, lakini namna wateja wanavyojigawa ndani ya wiki hubadilika polepole sana. Ukichanganya mambo hayo mawili, wiki moja yenye shughuli nyingi itakufanya udhani Jumanne imekua. Ukiyatenga, unakisia kila moja kivyake na kuyaunganisha mwishoni.

## Hatua ya 2: Tafuta mgawo wa kawaida wa kila siku

Tuitazame Ijumaa kwa karibu. Katika wiki nane, mgawo wake kwa asilimia ulikuwa 16.9, 16.8, 17.0, 17.2, 17.3, 17.0, 9.8 na 17.1. Ile 9.8 ni siku ambayo duka lilifungwa kwa saa kadhaa kwa hitilafu ya umeme. Ukichukua wastani wa kawaida unapata 16.1. Ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua thamani ya kati, unapata 17.0, ambayo ndiyo Ijumaa unayoifahamu. Tofauti ya 0.9 inaonekana ndogo, lakini utaona baadaye kwamba katika duka hili ni kama risiti 18, sawa na saa mbili na robo za kazi zinazopotea kila Ijumaa kwa ajili ya umeme uliokatika mara moja.

Kwa hiyo tumia thamani ya kati. Hata hivyo kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka: Ijumaa iliposhuka hadi 9.8, siku nyingine sita za wiki hiyo zilivimba migawo yao bila kuuza hata risiti moja ya ziada. Ndiyo maana wiki yenye tukio la namna hiyo naitoa yote, siku zote saba, si siku moja tu. Weka "x" kwenye safu ya F kwa wiki nzima yenye sikukuu, kufungwa kwa duka, ofa kubwa au mashine za malipo kugoma. Kisha, kwa Jumatatu:

```
=MEDIAN(IF((C$2:C$57=1)*(F$2:F$57=""),E$2:E$57))
```

Badili 1 iwe 2 kwa Jumanne, na kuendelea hivyo. Kwenye Excel ya zamani maliza kwa kubonyeza Ctrl+Shift+Enter, la sivyo itakupa jibu lisilo sahihi au kosa.

Duka letu limetoa migawo hii: Jumatatu 11.5, Jumanne 10.5, Jumatano 11.0, Alhamisi 12.0, Ijumaa 17.0, Jumamosi 22.0, Jumapili 14.0. Jumlisha: ni 98, haifiki 100. Usishtuke, thamani za kati hazina sababu ya kujumlika kuwa 100. Gawanya kila moja kwa 98 na mambo yatakaa sawa. Jumla ikiwa mbali zaidi, tuseme 93 au 106, hapo rudi ukague: kuna wiki mbovu uliyoisahau, au siku mbili zimekuwa zikibadilishana wateja.

## Hatua ya 3: Iulize Jumamosi kama inasema kweli

Hapa ndipo makisio mengi huharibika, na huharibika kimyakimya. Risiti inaonyesha mteja aliyelipa. Aliyeiona foleni akageuka hana risiti. Kama Jumamosi ina watu wachache kuliko inavyostahili, risiti zake zitakuwa chache kuliko wateja waliokuja. Makisio yatasoma uchache huo na kuipa saa zilezile chache wiki ijayo. Mzunguko huo unaweza kuendelea miaka na kila wiki makisio yakaonekana sahihi kabisa, kwa sababu duka linatimiza utabiri wake lenyewe.

Dalili iko kwenye risiti za saa kwa saa. Siku ya kawaida hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Siku iliyobanwa hupanda, kisha inalala tambarare. Tuseme kaunta moja ndiyo inayofanya kazi na kila mteja huchukua sekunde 80 kulipa. Uwezo wake kwa saa nzima ni wateja 45, hauongezeki hata ukimkaripia keshia. Sasa ukikuta kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri risiti ni 44, 45, 44 na 45, hapo hujapima wateja. Umepima kaunta.

Dawa yake ni jaribio dogo. Kwa Jumamosi mbili au tatu, fungua kaunta ya pili saa hizo tu. Risiti zisipopanda, watu walikuwa wakisubiri lakini wanalipa, na ulichoongeza ni raha ya mteja tu. Zikipanda, ulikuwa unapoteza wateja, na migawo ya Jumamosi za zamani haifai tena: anza kukusanya upya kuanzia siku ulipofungua kaunta. Katika mfano wetu chukulia jaribio hilo lilishafanyika, na ile 22.0 inatoka wiki ambazo kaunta mbili zilikuwa wazi.

Bidhaa kuisha rafuni huleta udanganyifu wa aina hiyohiyo. Kama mzigo huingia Jumanne na kufikia Jumapili rafu zimebaki wazi, udogo wa Jumapili unaweza kuwa tatizo la stoo, na kuongeza wauzaji hakutausaidia.

## Hatua ya 4: Kisia jumla ya wiki, kisha uigawe

Kwa jumla ya wiki sihitaji ufundi mkubwa. Wiki nne za mwisho zisizo na "x" zilikuwa na risiti 1,990, 1,910, 2,010 na 1,930. Wastani wake ni 1,960. Namba zimeruka juu na chini bila mwelekeo, kwa hiyo 1,960 inatosha. Kama zingekuwa zinapanda mfululizo, wastani ungebaki nyuma, na ningeipa wiki ya mwisho uzito mkubwa zaidi.

Wiki ya mishahara ni suala la peke yake, maana tarehe ya mshahara hutembea: mwezi huu inaangukia Jumatano, ujao Jumamosi. Wiki nane zina wiki mbili tu za namna hiyo, hazitoshi kukupa migawo yake. Rudi nyuma miezi sita, angalia wiki za mishahara zilizidi jirani zake kwa asilimia ngapi, na uongeze kiasi hicho kwenye jumla. Kisha sogeza kwa mkono sehemu ya ongezeko kwenye siku ya mshahara na ile inayofuata.

Wiki yetu ni ya kawaida. Risiti 1,960 zikigawanywa kwa migawo iliyorekebishwa zinatoa Jumatatu 230, Jumanne 210, Jumatano 220, Alhamisi 240, Ijumaa 340, Jumamosi 440 na Jumapili 280.

## Hatua ya 5: Geuza wateja kuwa saa za kazi

Kosa la kawaida hapa ni kugawa saa 260 moja kwa moja kwa migawo ya siku. Duka lina kazi zisizojali wateja: kufungua, kufunga, kusafisha, kuhesabu fedha. Katika mfano wetu kazi hizo hula saa 3 kila siku, na Jumanne kuna saa 6 zaidi za kupokea na kupanga mzigo. Jumla saa 27, ziwe na wateja zisiwe nao. Ziite saa za lazima.

Zilizobaki ndizo zinazofuata wateja, na ili kuzijua unahitaji dakika za kazi kwa kila risiti. Usimuulize mtu, kila mmoja atakupa namba inayomlinda. Chagua siku ya kawaida, kila baada ya robo saa pita dukani na uandike: wangapi wanahudumia wateja au kujaza rafu, wangapi wamesimama tu. Kwa saa 12 unapata mitazamo 48. Tuseme siku hiyo kulikuwa na saa 28 za wauzaji mbali na zile za lazima, na katika mitazamo yako walikuwa kazini kwa asilimia 79. Hizo ni saa 22.1 za kazi halisi. Risiti za siku zilikuwa 221, basi kila risiti imekula dakika 6. Rudia siku nyingine moja au mbili kabla ya kuiamini namba hiyo.

Dakika 6 ni kazi tupu, na huwezi kupanga watu wawe na kazi asilimia 100 ya muda wao, kwa sababu wateja hawaji kwa mpangilio. Hesabu za foleni, ambazo Agner Krarup Erlang wa Denmark alizianzisha mwaka 1909 kwa ajili ya simu, zinaonyesha jambo linaloshangaza mara ya kwanza: kwa mhudumu mmoja, wateja wanaokuja bila mpangilio na muda wa kuhudumiwa unaotofautiana bila mpangilio pia, akiwa na kazi asilimia 80 ya muda, mteja husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa, akifika asilimia 90, mara 9, akifika 95, mara 19. Wahudumu wakiwa wengi wakisaidiana hali huwa nafuu, lakini mkunjo ni uleule. Mimi hupangia 80. Dakika 6 kugawa kwa 0.8 ni dakika 7.5 kwa risiti, yaani nane ya saa.

Sasa Jumamosi: risiti 440 zinataka saa 55, ongeza 3 za lazima, ni 58. Jumatano: risiti 220 zinataka 27.5, ongeza 3, ni 30.5. Ona kwamba Jumamosi ina wateja mara mbili ya Jumatano lakini saa zake si mara mbili. Wiki nzima inadai saa 245 za wateja na 27 za lazima, jumla 272. Tumepewa 260.

## Hatua ya 6: Bana kwenye bajeti, kisha kwenye zamu

Upungufu wa saa 12 usikatwe kwenye kila kitu. Mlango utafunguliwa tu na mzigo utapokelewa tu. Toa 27 kwenye 260, zinabaki 233 za wateja dhidi ya 245 zilizohitajika, yaani asilimia 95. Punguza saa za wateja za kila siku kwa kiwango hicho, kisha rudisha za lazima.

Baada ya hapo kuna ukweli wa zamu. Hakuna anayekuja kazini kwa saa 1.53. Kama zamu zako ni za saa 8 na za saa 4, kila siku lazima iangukie kwenye kigawe cha 4.

| Siku | Risiti | Saa zinazohitajika | Baada ya kubana | Kwenye zamu |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | 230 | 31.75 | 30.34 | 32 |
| Jumanne | 210 | 35.25 | 33.96 | 32 |
| Jumatano | 220 | 30.50 | 29.15 | 28 |
| Alhamisi | 240 | 33.00 | 31.53 | 32 |
| Ijumaa | 340 | 45.50 | 43.42 | 44 |
| Jumamosi | 440 | 58.00 | 55.31 | 56 |
| Jumapili | 280 | 38.00 | 36.29 | 36 |
| Jumla | 1,960 | 272 | 260 | 260 |

Safari hii kukadiria kumeangukia 260 kamili. Mara nyingi hutaangukia hapo. Ikizidi, ondoa zamu fupi kwenye siku iliyopandishwa zaidi. Ikipungua, ongeza kwenye iliyoshushwa zaidi. Hapa Jumatatu imezidishiwa saa kama 1.7 na Jumanne imepunjwa karibu 2, kwa hiyo wa Jumatatu wapewe kazi ya kusafisha stoo na kutenga nafasi ya mzigo wa kesho.

Kabla ya kubandika ratiba, angalia kima cha chini. Duka likihitaji watu wawili muda wote, ni saa 24 za wateja kwa siku. Jumatano imebaki na 25, imepona kidogo sana. Jumanne, yenye saa 9 za lazima, imebaki na 23, imepungukiwa saa moja, na ile kazi ya mzigo inayotangulizwa Jumatatu ndiyo ya kuifidia. Bajeti ikishushwa hadi 240, Jumanne na Jumatano zitapita chini ya 24 hata kabla ya kukadiria zamu, na itabidi uzishikilie hapo na kukata kwenye siku zenye wateja. Hapo ndipo pa kumwonyesha mwenye duka jedwali: kila saa anayoondoa chini ya kiwango hicho inatoka Ijumaa, Jumamosi na siku kama hizo. Mara nyingine jibu la busara ni kuchelewa kufungua siku moja kuliko kukata.

## Hatua ya 7: Pima makisio yako bila kujitesa

Wiki imepita, na risiti halisi, kuanzia Jumatatu, ni 221, 224, 212, 251, 322, 468 na 287. Tofauti zake, bila kujali juu au chini, ni 9, 14, 8, 11, 18, 28 na 7, jumla 95. Gawanya kwa risiti halisi 1,985: makosa ni asilimia 4.8. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mkisiaji mvivu zaidi duniani, anayesema siku itakuwa kama ilivyokuwa wiki iliyopita. Humshindi kwa wiki kadhaa? Basi njia yako haijakuongezea kitu, na mara nyingi chanzo ni wiki mbovu zisizowekewa "x".

Kuna mpaka ambao huwezi kuuvuka. Wateja wakija kila mmoja kwa wakati wake, siku ya risiti 220 hutikisika kwa kawaida kwa takriban kipeuo cha pili cha 220, yaani kama 15, hata ukikisia kikamilifu. Na zamu yako fupi kabisa ni saa 4. Ratiba haibadiliki mpaka makosa yafike nusu yake, saa 2, ambazo ni risiti 16. Kwa hiyo 9 na 14 za hapo juu hazina la kukufundisha. Jumamosi iliyokosewa kwa 28 ni saa tatu na nusu, hiyo ikumbuke. Ikijirudia upande huohuo wiki tatu mfululizo, mgawo wa Jumamosi umehama.

Kinachosaidia zaidi kuliko kukokotoa upya ni kukagua Jumatano jioni. Siku tatu za kwanza zilitarajiwa kuwa na risiti 660. Zikiwa ndani ya 50 juu au chini, acha ratiba ilivyo. Tuseme zimefika 720, zimezidi kwa asilimia 9. Usizipandishe siku zilizobaki kwa 9 yote, kwa kuwa sehemu yake ni bahati. Chukua nusu, 4.5. Kwa Jumamosi hiyo ni risiti 20, saa mbili na nusu, imepita kiwango cha kuongeza zamu fupi moja. Kwa Alhamisi ni risiti 11, haifiki. Basi mpigie simu mtu mmoja, wa Jumamosi kuanzia saa 5 asubuhi, na mwambie Jumatano hiyohiyo, maana ukingoja Ijumaa usiku utamkuta ameshapanga mambo yake.